Umeme wa Jua kwa Mfano wa Ndiva: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Same na Milima ya Upare

Mwananchi anayekwenda dukani kununua mfumo wa umeme wa jua hukutana na maneno ambayo hakuyazoea: wati, volti, ampia, chaji kontrola, inveta. Muuzaji akimwambia kuwa paneli fulani na betri fulani "zinatosha nyumba nzima", mnunuzi hana swali la kumuuliza, kwa sababu hajui kipi kinapimwa na kipi. Miezi michache baadaye televisheni inazimika saa mbili usiku, taa zinafifia, na fedha iliyotokana na mavuno ya tangawizi au mauzo ya mbuzi imekwisha kutumika.

Hata hivyo, katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, wananchi wengi wanafahamu tangu utotoni chombo kinachofanya kazi kwa kanuni ileile. Chombo hicho ni ndiva. Anayeelewa jinsi ndiva inavyojazwa, inavyofungwa na inavyogawa maji shambani ana msingi wa kutosha wa kuelewa umeme wa jua na kumhoji fundi kabla ya kulipa. Mwongozo huu unafuata mfano huo kutoka chanzo cha maji hadi shambani.

Ndiva na mfumo wa jua

Ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhi maji ya umwagiliaji, kama ilivyo Ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala. Maji ya kijito huingizwa kwa mfereji na kukusanywa usiku, lango likiwa limefungwa. Asubuhi lango hufunguliwa, na wakulima hupata maji kwa zamu. Kijito peke yake hakina nguvu ya kufikisha maji hadi mwisho wa shamba, lakini maji ya usiku mzima yakikusanywa na kufunguliwa kwa pamoja hufika.

Mfumo wa umeme wa jua una sehemu hizohizo. Paneli iliyo juu ya paa ni kijito, yaani chanzo. Betri ni ndiva yenyewe. Kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita chaji kontrola, ni lango na mlinzi wake: huzuia betri isifurike inapojaa, na hufunga matumizi inapokaribia kukauka. Nyaya ni mifereji. Taa, redio, simu na televisheni ni mashamba yanayosubiri maji. Tofauti iliyopo ni ya saa tu, kwani ndiva hujazwa usiku na kutumika mchana, ilhali betri hujazwa mchana na kutumika zaidi usiku.

Mnunuzi anaweza kumwomba fundi achore mfumo wake kwenye karatasi kabla ya kutaja bei. Mchoro unahitaji maumbo manne tu: mraba juu kwa ajili ya paneli, kisanduku kidogo chini yake kwa ajili ya kidhibiti, duara pembeni kwa ajili ya betri, na vinyumba vidogo upande wa pili kwa ajili ya vyombo. Mishale iunganishe maumbo hayo, kisha juu ya kila umbo iandikwe namba moja. Juu ya paneli iandikwe wati zake. Juu ya betri, volti zake na kiasi inachohifadhi. Juu ya mshale unaotoka kwenye paneli, urefu na unene wa waya. Na juu ya kila chombo, wati zake na saa kitakazotumika. Fundi anayeijua kazi yake huujaza mchoro huo kwa muda mfupi. Asiyeweza kuujaza amekadiria kwa macho.

Hesabu huanzia shambani

Mkulima haanzi kuchimba ndiva kabla ya kujua ukubwa wa shamba. Vivyo hivyo, hesabu ya umeme wa jua huanzia kwenye vyombo, wala haianzii kwenye paneli. Wati huonyesha kasi ambayo chombo kinanywa umeme. Ukizidisha wati kwa saa za matumizi unapata wati-saa, yaani jumla ya maji yaliyonywewa.

Tuchukue mfano wa familia inayoishi upande wa tambarare. Ina taa nne za wati 5 kila moja, zinazowaka saa 5 kila usiku. Jumla ni wati-saa 100. Redio ya wati 10 inayosikilizwa saa 5 hutumia wati-saa 50. Televisheni ndogo pamoja na king'amuzi chake hutumia wati 40, na ikitazamwa saa 4 ni wati-saa 160. Kuchaji simu tatu kwa siku huchukua kiasi cha wati-saa 30. Mahitaji ya familia hii kwa siku moja ni wati-saa 340.

Hesabu hii pia huonyesha kisichowezekana. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa hunywa wati-saa 500, kiasi kinachozidi mahitaji yote ya familia kwa siku. Aidha, pasi hiyo ikiunganishwa kwenye betri ya volti 12 kupitia inveta, yaani kifaa kinachobadili umeme wa betri uwe kama ule wa gridi, huvuta zaidi ya ampia 80 kwa mkupuo. Ni sawa na kufungua ndiva nzima kwenye mfereji wa bustani. Pasi, birika na jiko la umeme havifai kwa mfumo wa kiwango hiki, na muuzaji anayeahidi kuwa vitafanya kazi aombwe aandike ahadi hiyo kwenye risiti.

Betri: ndiva isiyopaswa kukauka

Hapa ndipo mfano wa ndiva unapohitaji tahadhari. Ndiva ikikauka hadi tope haiharibiki. Wananchi huweza hata kutumia nafasi hiyo kuitoa udongo kwa msaragambo. Betri haiko hivyo. Betri ya risasi na asidi, ambayo ndiyo ya bei nafuu na iliyozoeleka, ikimalizwa mara kwa mara huota ukoko ndani yake, na kila ukoko unapoongezeka nafasi ya kuhifadhi umeme hupungua. Ni kama ndiva inayojaa udongo: kwa nje inaonekana ileile, lakini kina chake kimekwisha. Kwa sababu hiyo, betri ya aina hiyo hutumiwa nusu tu ya kiasi kilichoandikwa, na nusu nyingine hubaki kama akiba ya kuilinda.

Betri iliyoandikwa 12V 100Ah ina wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100. Nusu yake ni wati-saa 600. Kwa familia ya mfano wetu, kiasi hicho kinatosha usiku mmoja na sehemu kubwa ya usiku wa pili iwapo siku itakuwa na mawingu. Lakini familia hiyo ikishawishiwa kununua betri ya 12V 50Ah kwa kuwa ni rahisi, nusu ya betri hiyo itakuwa wati-saa 300, pungufu ya 340 zinazohitajika. Taa zitawaka na televisheni itaonyesha kwa majuma ya mwanzo, na kila mtu ataridhika. Kumbe kila usiku betri inavukishwa mpaka wake, na kabla ya mwaka kwisha itakuwa imechoka. Kosa hili ni gumu kuligundua mapema kwa sababu halionekani siku ya kufungiwa mfumo.

Betri ya lithiamu ni ghali zaidi, lakini huruhusu kutumiwa takriban asilimia 80 ya kiasi chake bila madhara makubwa. Betri ya lithiamu iliyoandikwa 12.8V 50Ah ina wati-saa 640, na zinazotumika ni takriban 512. Kwa hiyo betri hiyo ndogo inaikaribia kwa huduma betri ya risasi ya 100Ah. Mnunuzi anayelinganisha bei alinganishe wati-saa zinazotumika, wala si namba iliyochapishwa kwenye ganda.

Paneli: tambarare na mlimani havilingani

Paneli lazima ijaze ndani ya siku moja kile kilichotumika usiku, pamoja na kile kinachopotea njiani. Mfereji wa udongo hunyonya sehemu ya maji kabla hayajafika. Vivyo hivyo joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe hula sehemu ya umeme. Kwa makadirio ya kazi, mafundi huhesabu kuwa katika kila ndoo kumi zinazotoka kwenye chanzo, tatu hupotea. Ili familia ipate wati-saa 340, paneli inapaswa kuzalisha takriban 490.

Paneli haitoi wati zake zote tangu asubuhi hadi jioni. Jua la asubuhi na la alasiri ni hafifu, hivyo mafundi hukusanya mwanga wote wa siku na kuuhesabu kama saa chache za jua kali. Mji wa Same, Makanya na vijiji vya tambarare viko upande wa milima usiopata mvua nyingi. Anga huwa wazi, na kukadiria saa 5 za jua kali kwa siku ni sahihi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wati-saa 490 zikigawanywa kwa saa 5 hupatikana wati 98. Paneli ya wati 100 basi inafikia kiwango, lakini haina ziada ya kuijaza tena betri baada ya siku ya mawingu. Paneli ya wati 150 ni chaguo la busara zaidi, na kidhibiti chaji cha ampia 20 kinaimudu.

Hali ni tofauti kwa wanaoishi juu, kuelekea Chome na msitu wa Shengena, ambao kilele chake kina urefu wa mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Huko ukungu hukaa juu ya mapaa hadi saa nne au tano asubuhi, na miezi ya baridi mawingu huweza kudumu siku kadhaa. Ni salama kuhesabu saa 3 tu. Wati-saa 490 zikigawanywa kwa 3 ni wati 163, hivyo familia ileile yenye vyombo vilevile inahitaji paneli ya wati 200. Mkazi wa mlimani anayenunua mfumo kwa kufuata ule wa ndugu yake wa tambarare atakuwa amenunua kijito cha kiangazi kwa ndiva ya masika.

Kwa kuwa Same iko kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kidogo, kiasi cha nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi. Wakazi wa tambarare, ambako vumbi ni jingi na mvua ni haba, waifute paneli kwa maji na kitambaa laini asubuhi, kabla haijapata joto. Aidha, fundi aache nafasi kati ya paneli na bati, kwani paneli inayochemka hutoa umeme pungufu.

Mfereji mwembamba na kivuli cha tawi

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni waya unaotoka kwenye paneli hadi kwenye kidhibiti. Tuseme umbali huo ni mita 10 na umeme unaopita ni ampia 8. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5, ambao kwa kawaida hutumika kwa taa, utapoteza karibu volti 2 njiani. Waya wa milimita mraba 6 utapoteza chini ya nusu volti.

Volti 2 zinaonekana kidogo, lakini zina uzito. Betri ya risasi ya volti 12 huhitaji kusukumwa kwa takriban volti 14.4 ili ijae kabisa. Paneli inayotoa volti 18 ikiwa baridi hushuka hadi karibu 15.5 inapochemka kwenye bati saa saba mchana. Ukiondoa volti 2 za waya mwembamba, kinachobaki ni chini ya 14. Maji yanafika ukingoni mwa ndiva lakini hayana msukumo wa kupanda. Betri huchelewa kujaa au haijai, na betri isiyojaa kila siku huota ukoko uleule uliotajwa awali. Kwa hiyo waya wa bei nafuu huiua betri ya bei ghali.

Kivuli nacho hufanya kazi kwa namna isiyotarajiwa. Vijisahani vya paneli vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, kama mfereji mmoja unaopita mashamba mengi. Ukiziba mfereji mahali pamoja, wote walio chini hukosa maji. Vivyo hivyo, tawi la mwembe linalofunika kona moja ya paneli linaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Kabla ya paneli kufungwa, mwenye nyumba aangalie paa saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri ili aone kivuli kinapita wapi.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi ana vipimo viwili vya haraka visivyohitaji utaalamu. Cha kwanza ni ukubwa wa paneli. Paneli nyingi za sasa hutoa takriban wati 200 kwa kila mita mraba. Paneli yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 60 inaweza kutoa kiasi cha wati 120. Ikiwa imeandikwa wati 300, maandishi hayo si ya kweli. Cha pili ni uzito wa betri. Betri ya risasi ya 12V 100Ah huwa na uzito wa takriban kilo 25 hadi 30. Ikiinuliwa kwa urahisi kwa mkono mmoja, risasi iliyomo ndani ni pungufu.

Fundi anaweza kuithibitisha paneli mbele ya mnunuzi. Nyuma ya paneli kuna lebo yenye alama Voc, ambazo ni volti paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu. Jua likiwa kali, kipimo cha fundi kionyeshe namba inayokaribia hiyo. Kwa kuwa volti pekee hazitoshi kuonyesha nguvu ya paneli, apime pia Isc, yaani ampia nyingi zaidi ambazo paneli inaweza kutoa. Ikiwa ampia ni nusu ya zilizoandikwa wakati anga ni jeupe, paneli hiyo isinunuliwe.

Katika masuala ya usimamizi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wa kufunga mifumo ya umeme, na mwananchi ana haki ya kuomba kuona leseni ya fundi kabla ya kazi kuanza. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, husimamia ubora wa bidhaa. Mnunuzi adai risiti inayotaja wati za paneli, aina na ukubwa wa betri, na muda wa dhamana ya kila kimoja. Risiti iliyoandikwa "sola seti moja" haimsaidii mwananchi siku ya malalamiko.

Kwa usalama, fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwa kuwa betri inaweza kutoa mkondo mkubwa wa kuwasha moto nyaya zikigusana. Betri ya risasi iwekwe mahali penye hewa, mbali na moto wa jiko, wala isiwekwe chini ya kitanda, kwa sababu hutoa gesi inayowaka inapochajiwa.

Mfumo ukisumbua: je, ndiva ilijaa?

Umeme unapokatika mapema, wengi hukimbilia kununua betri mpya. Mkulima mwenye busara huuliza kwanza: je, jana ndiva ilijaa? Kwa betri ya risasi, swali hilo hujibiwa kwa kipima volti. Siku ambayo jua limewaka vizuri, subiri saa moja baada ya jua kuzama bila kuwasha chombo chochote, kisha upime. Takriban volti 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, 11.8 inaelekea kukauka. Betri ya lithiamu haipimwi hivyo, kwa kuwa volti zake hubadilika kidogo sana hadi inapokaribia kwisha. Kwa hiyo fuata kionyeshi chake.

Ikiwa betri haikujaa, tatizo liko upande wa chanzo: vumbi, kivuli kipya cha mti uliokua, kiungo kilicholegea, waya mwembamba, au chombo kilichoongezwa na kutumika mchana kutwa bila kuhesabiwa. Kununua betri mpya hakutasaidia, kwani nayo haitajaa. Ikiwa ilijaa lakini umeme ukakatika baada ya muda mfupi huku matumizi yakiwa yaleyale, kina cha ndiva kimekwisha, na hapo ndipo betri inapostahili kubadilishwa. Ikiwa ilijaa na matumizi yameongezeka, kwa mfano friji ndogo iliyonunuliwa baadaye, basi mfumo hauna ubovu. Shamba ndilo limepanuliwa bila kuchimba ndiva kubwa zaidi. Katika hali hiyo, mchoro wa awali urejewe, namba ya chombo kipya iongezwe, na hesabu ya betri na paneli ifanywe upya kabla ya kwenda dukani.